Manukuu yaliyomshinda Mama: kisa cha runinga moja, kiti kimoja na faili la mistari tisa

Mama hufuata filamu za lugha asizozijua kwa kusoma manukuu, na amefanya hivyo miaka mingi kwenye laptopu bila shida. Kasheshe ilianza tulipomwekea runinga ya inchi 43 na kuiunganisha kwa waya wa HDMI na kompyuta ndogo inayochezesha filamu kwa programu ya mpv. Baada ya wiki mbili aliniambia amerudi kwenye laptopu. Nilipomuuliza kulikoni, akajibu, "Mwanangu, maneno nayaona, lakini yananichosha. Nikimaliza kusoma, mtu ameshaondoka kwenye picha."

Naona vizuri kukieleza kisa hiki chote, kwa sababu tulichokifanya mwanzoni ndicho wengi hukifanya, na hakikusaidia.

Mdogo wangu ndiye aliyeanza kurekebisha. Ukubwa wa fonti ulikuwa 38, akaupandisha hadi 80. Maandishi yakawa makubwa kweli, lakini yakafunika midomo na videvu vya waigizaji, kwa hiyo akabonyeza kitufe cha `R` mara kadhaa kuyashusha. Kisha akaona herufi nyeupe hazivutii, akazizungushia ukingo wa njano. Mama alitazama filamu moja, akashukuru, na kesho yake akawa tena na laptopu mapajani.

Nilipofika sikugusa mpangilio wowote. Nilikaa naye, nikawasha filamu, nikamwomba ainue mkono kila anapopotewa na maneno, bila kunieleza sababu. Mimi nilikuwa naandika dakika na sekunde tu. Kwa dakika arobaini aliinua mkono mara 11. Baadaye nilirudi kwenye kila alama, nikasimamisha picha na kuangalia kilichokuwepo. Mara 6 maandishi yalikuwa juu ya kitu cheupe: shati, shuka, theluji, dirisha lenye mwanga. Mara 3 sentensi moja ilikuwa imekatika mistari mitatu au minne, na ikaondoka kabla hajaifikia mwisho wake. Mara 2 mstari wa chini ulikuwa umekatwa na ukingo wa runinga, mikia ya herufi kama g, j na y haionekani, na mara moja kati ya hizo hata nusu ya chini ya maneno ilikuwa imepotea.

Hata mara moja hakuinua mkono kwa sababu ya udogo wa maandishi. Hilo halimaanishi kwamba ukubwa wa mwanzo ulikuwa sawa. Linamaanisha kwamba kutibu ukubwa peke yake kulizaa maradhi mengine matatu. Nikayachukua moja moja, nikianza na ukubwa wenyewe.

Swali lililonisumbua lilikuwa hili: kwa nini maandishi yaleyale yalimtosha kwenye laptopu ya inchi 15.6, yakamshinda kwenye runinga inayoizidi karibu mara tatu? Nilichukua futi ya fundi nikapima. Skrini ya runinga ina kimo cha sentimita 53.5, na kutoka kwenye kioo hadi machoni pa Mama akiwa kitini ni mita 3 kamili. Skrini ya laptopu ina kimo cha sentimita 19.4, naye huitazama akiwa sentimita 60 hivi. Gawanya kimo kwa umbali. Laptopu inatoa 0.32, runinga inatoa 0.18. Jicho halijui inchi. Linachojua ni nafasi ambayo kitu kinachukua mbele yake, na mbele ya macho ya Mama runinga ilikuwa ndogo kuliko laptopu, kiasi cha nusu yake na kidogo zaidi. Hata tungemnunulia ya inchi 65, yenye kimo cha sentimita 81 hivi, akikaa palepale angepata 0.27. Bado laptopu ingeshinda.

Kwenye mpv namba ya ukubwa wa fonti haihesabiwi kwa pikseli za skrini yako. Inahesabiwa kana kwamba dirisha lina kimo cha pikseli 720, kisha kila kitu kinakuzwa au kupunguzwa kulingana na skrini halisi. Kwa hiyo 38 ni sehemu ileile ya skrini, iwe laptopu au runinga, iwe ya ubora wa kawaida au wa 4K. Huu ni utaratibu mzuri kwa sababu hesabu inakuwa rahisi: kama 38 ilimtosha kwenye laptopu, basi kwenye runinga, kwa umbali ule, alihitaji 38 mara 0.32 gawanya kwa 0.18, yaani karibu 68.

Lakini 68 haiwezekani, na hapa ndipo mdogo wangu alipojikwaa bila kujua. Manukuu mengi huandaliwa kwa mistari miwili yenye herufi zisizozidi 42 hivi kila mmoja. Kwenye fonti ya Arial, herufi moja ya maandishi ya kawaida huchukua, kwa wastani, upana wa karibu nusu ya ukubwa halisi wa fonti. Ukubwa wa 80 kwenye mpv, unaojumuisha na nafasi iliyo juu na chini ya herufi, unaipa kila herufi nafasi ya takriban 36, na 36 mara 42 ni 1,512, ilhali upana wote wa skrini kwa kipimo hicho ni 1,280. Mstari haungeweza kuenea hata kidogo. Lazima ukatike, na mistari miwili ikawa minne. Kwa 68 bado unagusa pembe zote mbili za skrini, na mstari mpana hivyo unalazimisha shingo kugeuka badala ya macho. Kwa 52 hesabu inaleta karibu 980, yaani robo tatu ya upana wa skrini na kidogo zaidi. Hapo mistari miwili inabaki miwili, na pembeni kuna nafasi ya kupumua.

Kwa hiyo nilisimama kwenye 52, nikijua kwamba haitoshi. Kilichobaki hakikuwa kwenye kompyuta kabisa: kiti. Nilikisogeza mbele kwa sentimita 60, kutoka mita 3 hadi mita 2.4. Kimo gawanya kwa umbali kikapanda hadi 0.22, na 52 kwa umbali huo machoni pa Mama ni sawa na 36 ya kwenye laptopu, karibu sana na 38 aliyoizoea. Chumba kilivumilia. Kama kingekuwa hakivumilii, jibu la kweli lingekuwa runinga kubwa zaidi, si fonti kubwa zaidi, maana fonti ina kikomo kinachowekwa na upana wa mstari.

Jambo dogo kuhusu fonti yenyewe, kwa kuwa linapoteza watu muda. Namba ya ukubwa hapa hupima kimo chote cha mstari, kuanzia nafasi iliyoachwa juu ya herufi hadi chini ya mikia yake. Haipimi herufi peke yake. Fonti zilizotengenezwa kubeba maandishi ya lugha nyingi, zenye alama ndefu juu na chini, huacha nafasi kubwa, na herufi zake hutoka ndogo kwa namba ileile. Noto Sans ikiwekwa 52 herufi zake huwa ndogo waziwazi kuliko za Arial kwa 52. Ukibadilisha fonti, pima upya, usiamini namba.

Baada ya ukubwa nikaja kwenye ukingo, na hapa ndipo palikuwa na zile alama 6 kati ya 11.

Kazi ya ukingo wa herufi ni moja tu: kuhakikisha kwamba popote maandishi yatakapoangukia, herufi imezungukwa na kitu kinachotofautiana nayo. Picha ya filamu inabadilika kila sekunde, na huwezi kuchagua rangi ya herufi itakayoonekana juu ya kila kitu. Ndiyo maana herufi hubeba mandhari yake yenyewe, nyembamba, kila iendako. Sasa nyeupe na njano kwa mwanga ni karibu kitu kimoja. Kwa kipimo cha utofauti kinachotumiwa na watengenezaji wa tovuti, nyeupe juu ya nyeusi hupata 21 kwa 1, ambacho ndicho cha juu kabisa. Nyeupe juu ya njano hupata 1.07 kwa 1. Herufi nyeupe, yenye ukingo wa njano, juu ya shati jeupe: hakuna kitu kinachoitenga na shati. Usiku, kwenye picha za giza, mpangilio ule ulipendeza, na bila shaka mdogo wangu aliujaribu kwenye picha za giza.

Rangi ya ukingo haichaguliwi kwa jina la rangi. Inachaguliwa kwa umbali wa mwanga kati yake na herufi. Bluu iliyokoza sana au kahawia iliyokoza sana inaweza kufanya kazi karibu sawa na nyeusi. Hata hivyo kwenye runinga nashikilia nyeusi, kwa sababu ya pili ambayo haionekani kwenye laptopu. Runinga nyingi, zikipokea picha kwa HDMI, huihifadhi rangi kwa undani mdogo kuliko mwanga, kwa kuwa jicho kwenye filamu halioni tofauti. Kwenye herufi linaona. Mpaka kati ya nyeupe na nyeusi ni mpaka wa mwanga, unabaki mkali. Mpaka kati ya rangi mbili, kwa mfano herufi nyekundu na ukingo wa bluu, unavujiana na kuwa na ukungu. Ukiweka ingizo la HDMI kwenye hali ya kompyuta, runinga nyingi huacha tabia hiyo, lakini hali hiyo mara nyingi huzima na marekebisho mengine ya picha ambayo mtazamaji ameyazoea.

Rangi ikawa nyeusi. Ukabaki unene, ambao kwa maoni yangu ndio watu huusahau kuliko yote. Kabla ya mdogo wangu kugusa chochote, ukingo ulikuwa nyeusi tangu mwanzo, na bado Mama alichoka. Unene wake ulikuwa 1.65 kwa kipimo kilekile cha 720. Kwenye runinga hii hiyo ni milimita 1.2. Jicho zima, lisilo na kasoro, kwa umbali wa mita 3 linaweza kutenganisha vitu vilivyo karibu milimita 0.9. Macho ya Mama hayapo hapo tena. Daktari alishampimia, na hata kwa miwani yanahitaji karibu mara mbili ya hiyo. Ukingo wa milimita 1.2 kwake haukuwepo. Ulikuwa umechorwa, mimi niliyesimama mita moja kutoka kwenye skrini niliuona vizuri, lakini kule kitini ulikuwa umeyeyuka ndani ya picha. Hili ni kosa rahisi sana kulifanya, kwa sababu anayerekebisha huwa amesimama karibu na skrini, kibodi mkononi.

Nilipandisha hadi 3. Hizo ni milimita 2.2, na kwa mita 2.4 Mama aliuona. Nilijaribu pia 5, na ni vizuri kujua kinachotokea: matundu ya ndani ya a na e yanaziba kwa weusi, ukingo wa herufi moja unaungana na wa jirani yake, na neno linakuwa donge jeusi lenye michirizi myeupe. Ukilazimika kufika huko, ongeza nafasi kidogo kati ya herufi kwa `sub-spacing=1`, au acha ukingo na uweke kisanduku cheusi nyuma ya maandishi. Kisanduku ndicho chenye nguvu kuliko vyote, na kwa mtu mwenye uoni hafifu sana nisingesita. Mama alikikataa kwa sababu kinafunika picha, na ukingo ulitosha.

Herufi zenyewe sikuziacha nyeupe kabisa. Chumba kikiwa na giza, nyeupe kamili ya runinga inachoma, na baada ya kusoma unaangalia uso wa mwigizaji ukiwa bado na alama ya maneno machoni. Kijivu chepesi sana, `#E6E6E6`, kinasomeka vilevile na hakichomi.

Kulikuwa na kitu kingine kilichonichanganya kwa nusu saa. Baada ya kuweka ukingo mweusi, niliona mstari mwembamba unaong'aa ukizunguka weusi ule, kama herufi zina ukingo wa pili. Haukuwa kwenye mpv. Ilikuwa ni runinga: kwenye menyu ya picha, `Sharpness` ilikuwa juu sana, na kazi ya mpangilio huo ni kukoleza kila mpaka kwa kuuongezea mstari wa mwanga pembeni. Kwenye nyasi na nywele huonekana kama ukali wa picha; kwenye herufi huonekana kama ukungu. Niliishusha hadi mstari ule ulipotoweka.

Sasa mahali pa maandishi. Zile alama 2 za maneno yaliyokatwa zilikuwa na sababu mbili zilizokutana. Ya kwanza ni mdogo wangu kuyashusha. Ya pili ni kwamba runinga ilikuwa inakuza picha kidogo na kukata kingo zake, mazoea yaliyobaki tangu enzi za runinga za kioo kinene. Namna ya kujua ni rahisi: toka kwenye filamu, angalia mezani pa kompyuta. Kama mwambaa wa chini umekatwa nusu au saa ya pembeni haionekani yote, runinga inakata. Dawa iko kwenye menyu ya runinga, kwenye uwiano wa picha, na jina lake hutofautiana. Kuna zinazoiita `Just Scan`, nyingine `Screen Fit`. Baada ya kuirekebisha, pembe zote nne zilionekana. Hata hivyo niliacha nafasi ya tahadhari. Watangazaji wa Ulaya, kwa mwongozo wao wa EBU R 95, huweka maandishi angalau asilimia 5 kutoka kila ukingo, na ni busara kuifuata nyumbani, maana mipangilio ya runinga huweza kurudi ilivyokuwa mtu akibadilisha ingizo.

Lakini tatizo kubwa la mahali lilikuwa jingine, na sikuliona mpaka nilipoweka filamu pana. Filamu nyingi za sinema zina uwiano wa 2.39 kwa 1. Kwenye runinga ya 16 kwa 9 picha yake haijazi kimo. Inabaki na ukanda mweusi juu na mwingine chini, kila mmoja ukiwa karibu asilimia 13 ya kimo. Kwenye runinga ya Mama ni sentimita 6.8. Maandishi ya 52 yana kimo cha sentimita 3.9 kwa mstari, na yalikuwa yameanzia sentimita 2.5 kutoka chini. Kwa hiyo manukuu ya mstari mmoja yalikaa yote ndani ya ukanda mweusi. Manukuu ya mistari miwili yalifika zaidi ya sentimita 10: mstari wa chini gizani, mstari wa juu ukiwa umekalia mpaka na kuingia kwenye picha. Macho yanasoma mstari wa kwanza juu ya picha inayocheza, yanashuka gizani kwa mstari wa pili, na manukuu yanayofuata yanaanzia mahali pengine kabisa. Mama hakuweza kulieleza hilo kwa maneno, ila alisema, "Yanarukaruka."

Kuna njia mbili. Unaweza kuyafungia ndani ya picha kwa `sub-use-margins=no`, na ukingo mweusi ukafanya kazi yake. Ni njia sahihi kwa anayetaka maneno yawe karibu na nyuso. Njia ya pili ndiyo niliyoichagua, na naipenda kwa sababu haihitaji kupoteza chochote: picha yenyewe inapandishwa hadi juu kabisa ya skrini. Kanda mbili nyeusi zinakuwa moja, chini, yenye sentimita 13.7. Mistari miwili ya 52 inaenea humo yote, juu ya weusi mtupu, na hakuna shati wala theluji ya kushindana nayo. Kwenye mpv ni mpangilio mmoja, `video-align-y=-1`. Filamu ikiwa imejaza skrini nzima, hakuna ukanda wa kusogeza, na mpangilio huo haufanyi chochote, kwa hiyo unaweza kubaki humo siku zote.

Ina masharti mawili. Kanda nyeusi lazima ziwe zinaongezwa na kichezaji chenyewe. Kuna mafaili ambayo weusi umechomwa ndani ya video. Vipimo vyake vitasomeka 1920 kwa 1080 hata kama filamu ni pana, na kwa mpv hiyo yote ni picha, haina cha kupandisha. Faili ambalo weusi umekatwa litasomeka 1920 kwa 804 au karibu na hapo. Kubonyeza herufi `i` wakati filamu inacheza huonyesha vipimo. Sharti la pili ni nafasi ya chini: nilipandisha `sub-margin-y` kutoka 34 hadi 60, yaani sentimita 4.5, ili maneno yasogee karibu na picha badala ya kuzama chini ya ukanda. Mistari miwili inafika sentimita 12.2, bado ndani ya zile 13.7. Na kwenye filamu inayojaza skrini, 60 ni zaidi ya asilimia 8 ya kimo, salama kabisa dhidi ya kukatwa.

Faili zima la mipangilio likawa hivi. Kwenye Linux hukaa `~/.config/mpv/mpv.conf`, kwenye Windows hukaa `%APPDATA%\mpv\mpv.conf`.

```
sub-font=Arial
sub-font-size=52
sub-color='#E6E6E6'
sub-outline-color='#000000'
sub-outline-size=3
sub-shadow-offset=0
sub-margin-y=60
sub-use-margins=yes
video-align-y=-1
```

Zile alama za kunukuu kwenye rangi si pambo. Ndani ya faili hili alama ya `#` huanzisha maelezo yasiyosomwa, na ukiisahau nukuu rangi yako haitafika. Kwenye matoleo ya zamani ya mpv ukingo huitwa `sub-border-size` na `sub-border-color`; ukiona ujumbe kwamba mpangilio haujulikani, badilisha jina tu, thamani zinabaki. Anayetumia VLC atakuta unene wa ukingo, rangi yake na mahali pa manukuu kwenye `Preferences`, sehemu ya `Subtitles / OSD`, na baada ya kuhifadhi afunge filamu na kuifungua upya.

Jioni hiyo tulirudia jaribio la mkono, dakika arobaini, filamu nyingine ila yenye picha nyingi za mchana. Aliinua mkono mara moja. Ilikuwa sentensi ndefu iliyodumu chini ya sekunde moja na nusu, na mimi mwenye macho mazima sikuimaliza pia. Hilo ni kosa la aliyeandaa manukuu. Hakuna mpangilio wa rangi wala ukubwa unaoweza kulitibu.

Siku ya tatu alinipigia simu. Filamu mpya, maandishi yamerudi kuwa madogo. Nilijua kabla hajamaliza. Manukuu ya filamu zote za awali yalikuwa ya `.srt`, ambayo ni maneno na muda tu, na mpv huyavika sura tunayoitaka. Hii ilikuwa na manukuu ya `.ass`, ambayo huja na sura yake ndani: fonti, ukubwa, rangi, ukingo, mahali. Kwa hayo mpv huheshimu alichoandika mtayarishaji. Nilimwambia abonyeze `u` kwenye kibodi, na sura yetu ikachukua nafasi. Kitufe hicho kinafaa filamu nyingi, lakini kina gharama. Mtayarishaji wa `.ass` mara nyingi huweka tafsiri ya bango au barua palepale bango lilipo, na ukilazimisha sura moja kwa yote, tafsiri hizo huvurugika au huangukia juu ya mazungumzo.

Kwa filamu anazorudia, niliona heri nirekebishe faili lenyewe. Lina mstari mmoja wa mtindo wa mazungumzo, na hapo juu yake kuna `PlayResY`, inayosema namba zote zinapimwa dhidi ya kimo gani. Kwenye faili lile ilikuwa 288. Kwa hiyo 52 yetu ya 720 ikawa 52 mara 288 gawanya kwa 720, yaani 21. Ukingo wa 3 ukawa 1.2, na nafasi ya chini ya 60 ikawa 24. Anayeandika 52 moja kwa moja kwenye faili kama hilo atakuta mstari mmoja unakula asilimia 18 ya skrini, na atadhani faili limeharibika.

```
Style: Default,Arial,21,&H00E6E6E6,&H00E6E6E6,&H00000000,&H00000000,0,0,0,0,100,100,0,0,1,1.2,0,2,20,20,24,1
```

Baada ya ukubwa zinafuata rangi nne: ya herufi, ya pili ambayo hutumika kwenye karaoke, ya ukingo, na ya kivuli. Mwishoni, 1 ya kwanza kabla ya 1.2 inasema tunataka ukingo na si kisanduku. 2 inayofuata baada ya kivuli cha 0 ni mahali, chini katikati, kwa mpangilio wa vitufe vya namba kwenye kibodi, ambapo 8 ingekuwa juu katikati. Rangi hapa huandikwa kinyume: bluu kwanza, kijani, kisha nyekundu. Kijivu hakionyeshi tofauti, lakini jaribio langu la kwanza lilikuwa njano hafifu kwa ajili ya mhusika wa pili, nikaandika kama nilivyozoea, na Mama akaletewa maandishi ya samawati.

Filamu zake chache zilizotoka kwenye diski zina manukuu ya aina ya tatu, ambayo si maandishi bali ni picha ndogo za maneno zilizochorwa tayari. Hizo hazina fonti ya kubadilisha wala ukingo wa kunenepesha. Kinachowezekana ni kusogeza ile picha nzima au kuikuza, na ikikuzwa kingo zake hupoteza ukali. Kwa hizo namtafutia `.srt` ya filamu hiyohiyo, naiweka kwenye folda moja na filamu kwa jina lilelile, na muda ukiwa umepishana naurekebisha kwa vitufe vya `z` na `Z`. Kuna mbili ambazo sijazipatia. Hizo anazitazama kwenye laptopu.